Mwongozo Kamili: Namna ya Kuchagua cha Kukuza Unapochora Kikaragosi Kutoka Kwenye Picha, na Mtu Akabaki Yuleyule

Michoro mingi ya wanaojifunza kuchora vikaragosi ina kasoro moja inayojirudia. Pua imevutwa, midomo imevimbishwa, kichwa kikubwa kimewekwa juu ya kiwiliwili kidogo, na watazamaji wanacheka. Lakini jina likifichwa, hakuna anayeweza kusema aliyechorwa ni nani. Mchoraji huambiwa aongeze mazoezi ya mkono, wakati mkono wake hauna tatizo lolote. Tatizo liko kwenye uchaguzi: amekuza kile alichozoea kukiona kikikuzwa kwenye katuni, badala ya kukuza kile kinachomtofautisha mtu huyu na watu wengine.

Mwongozo huu unashughulikia uchaguzi huo peke yake. Tutamfuata mtu mmoja wa mfano tangu kwenye picha hadi kwenye mchoro uliojaribiwa. Ni mwanaume wa makamo, mwenye nywele fupi na uso usio na ndevu, aliyepigwa picha akitazama kamera moja kwa moja.

## Vifaa

- Picha moja kuu ya uso, iliyopigwa kutoka mbele, na nyingine mbili au tatu za mtu huyohuyo zilizopigwa siku tofauti.
- Picha kumi za watu wengine wa jinsia ile ile, rika lile lile na asili inayokaribiana na yake. Picha za ukubwa wa pasipoti zinafaa sana, kwa kuwa zote hutazama mbele na hupigwa kwa umbali unaofanana. Ndugu wa karibu wa mhusika wasiwemo.
- Rula yenye milimita, penseli ya HB na ya 2B, ufutio na kalamu ya wino mweusi.
- Karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, angalau shiti sita. Anayechora kwenye simu au kishikwambi atatumia tabaka za programu yake ya kuchora badala ya karatasi hizi.
- Kikokotoo cha simu.

Picha kumi za kulinganishia ndizo wengi huziruka, wakidhani ni mzigo usio wa lazima. Asiyekuwa nazo hana njia ya kujua kama pua anayoitazama ni kubwa, kwa sababu ukubwa haumo ndani ya pua yenyewe. Umo kwenye ulinganisho wake na pua nyingine.

## Hatua ya 1: Ikague picha kabla ya kuiamini

Kamera iliyo karibu na uso hukuza kilicho mbele na kupunguza kilicho nyuma. Mtu akijipiga picha kwa mkono wake, lenzi huwa kama sentimita 30 kutoka nchani mwa pua, na masikio yako kama sentimita 12 nyuma zaidi, yaani sentimita 42. Gawanya 42 kwa 30, utaona kwamba ncha ya pua imeonyeshwa kwa kipimo kikubwa kwa asilimia 40 kuliko masikio. Mpiga picha akirudi nyuma hadi mita 1.5, tofauti hiyo hushuka hadi asilimia 8 hivi.

Kwa hiyo anayechora kutoka kwenye picha ya kujipiga, kisha akakuza pua, anakuza kosa la lenzi. Dalili za picha kama hiyo ni masikio yaliyojificha nyuma ya mashavu, paji la uso lililotokeza mbele, na uso mwembamba kuliko ule wa kwenye picha nyingine za mtu huyohuyo. Ukiziona, tafuta picha nyingine iliyopigwa kutoka umbali wa mita 1.5 au zaidi.

Pili, tenganisha kilicho cha mtu na kilicho cha siku ile. Kicheko hupanua matundu ya pua na kunyoosha midomo ikawa myembamba. Taa iliyo juu ya kichwa huchimba mashimo chini ya macho. Kamera iliyoshushwa chini ya kidevu hufanya taya lionekane pana na paji lionekane fupi. Ndiyo sababu ya zile picha mbili za ziada: sifa unayoiona kwenye picha zote ni ya mtu, na inayotokea kwenye moja tu iache.

Hatua hii imekamilika unapokuwa na picha moja ambayo uso umetulia, masikio yote mawili yanaonekana, na mstari unaopita kwenye mboni zote mbili uko sawa na ukingo wa karatasi.

## Hatua ya 2: Ichapishe na uipime

Chapisha picha kuu kwenye karatasi ya A4 ili umbali kutoka nywele zinapoanzia hadi chini ya kidevu uwe milimita 180. Huo ni ukubwa unaokaribia wa uso halisi, na unarahisisha hesabu. Zile picha kumi nazo zikuze hadi milimita 180 vivyo hivyo, kwenye karatasi au kwenye skrini. Mwenye upara hapimwi namna hii, kwa kuwa nywele zake zimerudi nyuma; kwake sawazisha picha zote kwa umbali wa kutoka nyusi hadi kidevu, milimita 120, na hesabu urefu wa paji kuwa sifa mojawapo.

Usipime kila kitu. Vipimo vinane vinatosha: urefu wa paji, kutoka nyusi hadi chini ya pua, kutoka chini ya pua hadi mstari wa midomo, kutoka mstari huo hadi chini ya kidevu, nafasi kati ya pembe za ndani za macho, upana wa pua, unene wa midomo yote miwili ikiwa imefungwa, na upana wa taya kwenye pembe zake. Anayepima zaidi ya hapo hupotea kwenye tarakimu, naye anayepima pungufu hurudi kwenye kukisia.

Geuza picha kichwa chini unapopima. Uso uliopinduliwa hausomeki haraka kama uso, na hapo jicho hupima nafasi na maumbo bila kuvutwa na sura ya mtu.

## Hatua ya 3: Mlinganishe na watu wake, si na kitabu

Hapa ndipo michoro mingi huharibika, kwa hiyo tukae kidogo.

Vitabu vingi vya kuchora hufundisha kanuni za uso zilizotoka kwenye shule za sanaa za Ulaya. Mojawapo husema kuwa upana wa pua ni sawa na nafasi iliyo kati ya macho. Chukua kanuni hiyo, ipime kwenye nyuso kumi za watu wa Dodoma au Kisumu, na karibu zote zitaonekana kuwa na pua iliyozidi. Mchoraji anayeitumia kama kipimo cha kawaida atakuza pua ya kila mtu anayemchora, na baada yake atakuza midomo ya kila mtu, na mwishowe atakuwa na sura moja anayoivalisha watu wote. Michoro ya kikoloni iliyodhalilisha Waafrika ilijengwa kwa njia hiyohiyo: kipimo cha kawaida kilikuwa cha watu wengine, na kilichokuzwa kilikuwa asili ya mtu, si mtu mwenyewe. Ndiyo maana licha ya kuumiza, haikufanana na yeyote.

Sifa inayoshirikiwa na watu wote wanaomzunguka mtu haiwezi kumtambulisha. Wanaomfahamu hawamtambui kwa hiyo, na ukiikuza hawataona kitu chochote kinachomhusu.

Pima basi zile picha kumi kwa vipimo vilevile vinane, jumlisha kila kipimo, gawanya kwa kumi, upate wastani. Kisha fanya jambo jingine ambalo ni muhimu kuliko wastani wenyewe: mpange mtu wako katika safu pamoja na wale kumi, kutoka mwenye kipimo kikubwa hadi mwenye kipimo kidogo, na uandike yeye ni wa ngapi kati ya watu kumi na mmoja. Huyu hapa mtu wetu wa mfano, kwa milimita:

| Sehemu | Mtu wetu | Wastani | Nafasi yake kati ya 11 |
|---|---|---|---|
| Paji la uso | 50 | 60 | wa 11 |
| Nyusi hadi chini ya pua | 60 | 60 | wa 6 |
| Chini ya pua hadi mstari wa midomo | 19 | 18 | wa 4 |
| Mstari wa midomo hadi kidevu | 51 | 42 | wa 1 |
| Nafasi kati ya macho | 38 | 34 | wa 2 |
| Upana wa pua | 44 | 43 | wa 5 |
| Unene wa midomo | 23 | 22 | wa 5 |
| Upana wa taya | 112 | 106 | wa 3 |

Nafasi katika safu ni muhimu kwa sababu sehemu za uso hazitofautiani kwa kiasi kimoja. Unene wa midomo hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, hivyo milimita moja ya ziada haisemi lolote. Nafasi kati ya macho hutofautiana kidogo tu, na ndiyo maana milimita nne zimempeleka mtu wetu hadi nafasi ya pili.

Tazama pua. Kwa kanuni ya kitabu ilipaswa kuwa 38, na yeye ana 44, kwa hiyo mkono ungetaka kuikuza. Kwa watu wake ni wa tano kati ya kumi na mmoja, karibu na katikati. Pua hii haiguswi.

Umefaulu hatua hii ukiwa na sifa mbili au tatu zilizo mwanzoni au mwishoni mwa safu, na sehemu nyingi zilizo katikati. Zote zikiwa katikati, angalia kile ambacho rula haikishiki: umbo la nyusi, kope zilizolegea, sikio lililosimama, mwanya, namna nywele zinavyoanzia. Karibu kila mtu ana kimoja.

## Hatua ya 4: Chagua sifa kuu moja, na wasaidizi wawili

Jaribio la kwanza ni la masikio, wala si la macho. Sikiliza jinsi watu wanavyomweleza mhusika kwa mtu asiyemjua jina: "Yule mwenye…" Kinachofuata neno hilo ndicho kumbukumbu yao imekishika. Majina ya utani nayo husaidia, kwa kuwa mtaa hauwezi kumwita mtu Kidevu kama kila mtu ana kidevu kama chake. Usiwaulize wamwonapo kwenye picha. Waulize hayupo na picha haipo.

Sasa rudi kwenye jedwali. Kidevu ni cha kwanza kwa urefu na paji ni la mwisho. Wengi wangeziandika hizi kama sifa mbili, lakini zisome pamoja: uzito wa uso wa mtu huyu umehamia chini. Macho, pua na midomo vimepanda karibu na nywele, na chini yake limebaki eneo kubwa la taya na kidevu. Hilo ni jambo moja, na ndilo sifa kuu. Macho yaliyoachana ni msaidizi wa kwanza, na taya pana ni msaidizi wa pili.

Mazoea ya kufikiri kwa viungo, yaani pua, mdomo, sikio, ndiyo humzuia mchoraji kuona mambo ya aina hii. Anayemjua mtu hukumbuka zaidi jinsi sehemu zilivyopangana kuliko ukubwa wa kila moja, na mara nyingi sifa kuu huwa ni nafasi tupu: shavu refu lisilo na kitu, au umbali kati ya pua na mdomo.

Onyo: usichague zaidi ya tatu. Karatasi haina kipimo chake cha ukubwa, na kitu huonekana kikubwa pale tu jirani yake anapokuwa mdogo. Ukikuza kidevu, pua, masikio na macho kwa pamoja, umechora uso uleule kwa ukubwa zaidi, na hakuna kilichosisitizwa.

Andika uamuzi wako kwa sentensi moja juu ya karatasi kabla ya kuchora. Kwa mtu wetu: *uzito wa uso umeshuka kwenye kidevu, macho yameachana, taya limepanuka.*

## Hatua ya 5: Kuza kwa hesabu kwanza

Kanuni yenyewe ni fupi:

```
kipimo kipya = wastani + k × (kipimo cha mtu − wastani)
```

Herufi `k` ni kiwango cha ukuzaji. Ikiwa 1, unapata mtu kama alivyo. Ikiwa 2, tofauti yake na wengine inakuwa maradufu. Susan Brennan aliitumia kanuni hii katika programu ya kompyuta ya kuchora vikaragosi, aliyoieleza kwenye jarida la *Leonardo* mwaka 1985. Miaka miwili baadaye majaribio ya Gillian Rhodes na wenzake yalionyesha kuwa watu hutambua nyuso wanazozijua kwa haraka zaidi kwenye michoro ya mistari iliyokuzwa hivi kuliko kwenye michoro ya mistari iliyo sahihi. Ukuzaji ukifuata tofauti ya kweli humleta mtu karibu zaidi.

Angalia inavyofanya kazi kwa mtu wetu tukiweka `k` kuwa 2. Paji: 60 + 2 × (50 − 60) = 40. Kidevu: 42 + 2 × (51 − 42) = 60. Chini ya pua hadi midomo, 20. Nyusi hadi pua inabaki 60. Jumla ya uso wote ni 40 + 60 + 20 + 60, yaani 180 ileile. Paji limetoa milimita kumi, kidevu kikapokea tisa na nafasi ya juu ya mdomo ikapokea moja. Uso haujarefuka hata kidogo, umegawanywa upya. Nafasi kati ya macho inakuwa 42, na taya 118.

Pua na midomo kwa kanuni hii zingeongezeka milimita moja moja. Ziache zilivyo kwenye picha.

Chora michoro mitatu midogo, kila mmoja wa urefu wa kidole, kwa `k` ya 1.5, 2 na 2.5. Mchoro wa ukubwa huo hauna nafasi ya kope wala mikunjo, kwa hiyo unaonyesha mpangilio pekee. Iweke mezani, rudi nyuma hatua tatu. Kwa mtu mwenye sifa kali kama huyu, 1.5 mara nyingi inatosha kumtambulisha na 2 inampa uchangamfu. Mwenye sura iliyo karibu na wastani huhimili `k` kubwa zaidi, kwa kuwa tofauti zake ni ndogo hata zikizidishwa.

## Hatua ya 6: Wasogeze majirani

Kipimo kimoja hakiwezi kubadilika peke yake, kwa sababu ngozi na mfupa vimeungana. Anayerefusha kidevu bila kugusa kitu kingine hupata uso ulioongezwa kipande chini.

Kwa mtu wetu kuna majirani watatu wa kushughulikia.

Taya. Kidevu chake kwenye picha hakikuchongoka. Chini ni bapa, na katikati kuna kibonyo chepesi. Kidevu kikirefuka huku ubapa ule ukibaki na upana wake wa awali, kitaonekana kimesonga kama kabari, na hiyo ni sura ya mtu mwingine. Panua ubapa kwa uwiano wa taya, kutoka 112 hadi 118, yaani asilimia tano hivi, na acha pembe za taya zibaki kali kama zilivyo. Urefu umekuzwa, umbo limehifadhiwa.

Mzizi wa pua. Macho yakisogezwa hadi milimita 42, nafasi iliyo katikati yao lazima ijazwe na mzizi wa pua uliopanuka na kubonyea kidogo. Mzizi ukiachwa mwembamba, macho yataonekana yamebandikwa pembeni. Pua yenyewe, kule chini kwenye matundu, inabaki na 44 yake.

Fuvu na nywele. Paji likifupishwa hadi 40, sehemu ya juu ya nywele nayo ishushwe. Ukiiacha juu, mtu ataonekana amevaa kofia nzito. Kata ya nywele zake ni ya mstari ulionyooka wenye kona mbili kwenye panja. Kona hizo zibaki, kwa kuwa wanaomjua wanazijua.

Weka sasa karatasi nyembamba juu ya mchoro mdogo ulioukubali, uchore upya kwa ukubwa kamili kwa penseli ya HB. Usifuatishe juu ya picha yenyewe. Picha iliyo chini ya karatasi huurudisha mkono kwenye vipimo vyake, na mchoro hupoteza nusu ya ukuzaji bila mchoraji kujua.

Wanaotumia chombo cha kuvuta picha kwenye programu za simu wawe waangalifu hapa hapa. Chombo hicho hurefusha kidevu na kupotosha ubapa wake kwa wakati mmoja, kwa sababu hakijui tofauti kati ya urefu na umbo.

## Hatua ya 7: Linda sehemu za nanga

Kadiri ukuzaji unavyoongezeka, ndivyo unavyohitaji sehemu chache zilizo sahihi kabisa za kumshikilia mtu.

Nanga ya kwanza ni nyusi. Katika utafiti wa Sadr, Jarudi na Sinha uliochapishwa mwaka 2003, picha za watu mashuhuri zilizofutwa nyusi zilikuwa ngumu kutambulika kuliko zilizofutwa macho. Wachoraji wengi, hata hivyo, huziweka nyusi mwishoni kwa mikwaruzo miwili inayofanana. Chukua muda hapa. Nyusi za mtu wetu zinaanza nene karibu na pua, zinakwenda karibu sambamba hadi juu ya mboni, kisha zinashuka ghafla na kuisha kabla ya pembe ya nje ya jicho. Wa kushoto uko juu kidogo ya wa kulia. Tofauti hiyo ndogo usiisawazishe. Uso uliosawazishwa pande zote mbili humpoteza mtu haraka kuliko kidevu kilichozidi.

Nanga ya pili ni ukingo wa kope la juu na mahali unapokata mboni. Kwa mtu wetu kope linafunika robo ya juu ya mboni, na hilo ndilo linalompa mtazamo wake wa utulivu. Kope likipandishwa hadi mboni nzima ionekane, uso unapata mshangao ambao watu wake hawajawahi kuuona.

Nanga ya tatu ni mstari wa kati ya midomo, ule mstari mweusi wenyewe na wala si ukingo wa nje wa rangi. Fuatisha kila panda na shuka yake, na hasa pembe zake mbili, kama zinaangalia juu, chini au zimenyooka.

Onyo la mikunjo: mistari inayotoka puani kwenda pembeni mwa midomo huongeza umri upesi kuliko kitu kingine chochote usoni. Iweke kwa mstari mwembamba, mfupi kuliko unavyoiona, isipokuwa kama yenyewe ndiyo sifa uliyoichagua.

## Hatua ya 8: Mjaribu mtu wako kwa wanaomjua

Mchoraji hawezi kujaribu mchoro wake mwenyewe, kwa kuwa anajua jibu. Tafuta watu watano wanaomfahamu mhusika. Usiwatajie jina, usiwaonyeshe picha, usiwaambie "mwangalie huyu unayemjua." Weka mchoro umbali wa mkono ulionyooka, hesabu hadi tatu, uondoe, uulize ni nani. Wanne wakitaja jina bila kusita, mchoro umefika.

Wasipotaja, sikiliza jibu lenyewe, maana kila kosa lina jibu lake.

*Wakitaja ndugu yake au baba yake,* umekuza sifa ya ukoo. Hili ni kosa la karibu sana na lina tiba rahisi: tafuta picha ya ndugu huyo, ipime, ona ni kipi kati ya vitatu ulivyochagua wanachoshirikiana, na ushushe `k` ya hicho peke yake hadi 1.3. Kwa mtu wetu, kama kaka yake ana kidevu kilekile, macho yaliyoachana na taya pana ndivyo vitakavyobeba mchoro.

*Wakisema ni mtu mzee,* mikunjo au kivuli cha chini ya macho kimezidi. Futa, usiguse mpangilio.

*Wakicheka bila kutaja jina,* ukuzaji umevuka mpaka. Rudisha `k` kutoka 2 hadi 1.7, ambayo inampa mtu wetu paji la milimita 43 na kidevu cha 57 kwa kukadiria, kisha ujaribu kwa watu wengine, kwa kuwa wale wa kwanza wameshauona mchoro.

*Wakisema "namfahamu, ila jina limenitoka,"* mpangilio ni sahihi na nanga zimelegea. Rudi kwenye nyusi na kope.

*Wakisita, halafu wakakubali baada ya kuambiwa jina,* usihesabu hilo kuwa kufaulu. Mtu akishaambiwa jina huona mfanano hata pale usipokuwepo.

## Hatua ya 9: Wino

Wino ufuate uamuzi uleule ulioandika kwenye hatua ya 4. Mstari mnene uende kwenye taya na chini ya kidevu, mstari wa kati kwenye nyusi na mstari wa midomo, na mwembamba kwingine kote, ikiwemo pua. Unene wa mstari nao ni ukuzaji: pua iliyozungushiwa wino mzito itaonekana imekuzwa hata kama vipimo vyake havijabadilika, na kazi yote ya hatua ya 3 itakuwa imepotea.

Acha eneo la kati ya mdomo na kidevu bila vivuli. Kwa mtu huyu nafasi hiyo tupu ndiyo wanayoitambua watu, na kila mstari utakaouongeza hapo utaifanya ionekane fupi. Ukimaliza, pima mara ya mwisho kwa rula kutoka mstari wa midomo hadi chini ya kidevu: ukikuta 55 badala ya 60, mkono umerudi kwenye mazoea wakati wa kupaka wino, na ni afadhali kurudia shiti hiyo kuliko kujaribu kurefusha kidevu kilichokwisha kukauka.